Haongei, Lakini Ameandika Hivi: Nimpe Alama Gani?

*Shikamoo mwalimu,*

*Nafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Mombasa, darasa la jioni, Kizingo. Nina mwanafunzi mmoja Mmarekani, kijana anayejitolea katika shirika la mazingira, na anaishi na familia moja ya Kibokoni. Alipoanza aliniambia kwamba kwao "alisoma kidogo". Akizungumza hukwama kila baada ya neno: "Mimi… nataka… mahamri… shilingi ngapi?" Juzi niliwapa kazi ya nyumbani, ukurasa mmoja kuhusu safari ya kwenda Marikiti. Yeye ameniletea mambo kama haya:*

*"Nilirauka alfajiri na mapema majogoo walipokuwa wakiwika kwa fujo."*

*"Njiani niliyaona mahamali yaliyokuwa yakisukuma mikokoteni iliyojaa vitunguu."*

*"Muuza viungo aliponirudishia mabadiliko yangu nilisema moyoni, laiti ningalijua bei mapema, nisingalilipa mara mbili."*

*Makosa yapo, lakini huyu ni mtu ambaye mdomoni hana hata "nilipo-". Mwenzangu ninayefundisha naye anasema ameandikiwa, nimpe sifuri, au kazi tuipitishe kwenye programu ya kugundua maandishi ya mashine. Mwisho wa mwezi natakiwa kuipelekea ofisi yao ripoti ya kiwango chake. Sitaki kumdhulumu, wala sitaki kudanganywa. Nifanyeje?*

*Mwalimu wa jioni, Kizingo*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza kabisa, kazi hiyo usimrudishie bado na usiitie wino mwekundu. Makosa yaliyomo ndiyo ushahidi bora ulio nao, na ukishayasahihisha akayaona, umeupoteza. Mwambie tu kwamba hujamaliza kusoma.

Halafu tuliangalie hilo linalokutia wasiwasi. Unayalinganisha maandishi yake na mazungumzo yake, na hivyo ni vitu viwili visivyokwenda sambamba kwa mtu anayejifunza lugha ukubwani. Fikiria kazi aliyonayo kabla hajatamka "vitabu nilivyovinunua". Lazima akumbuke kwamba kitabu kikiwa kingi kinaingia vi-, aweke ni- ya mnenaji, achague -li-, achomeke -vyo-, arudie -vi- kabla ya mzizi, na yote hayo ayafanye sauti haijatoka. Wewe na mimi tunayatamka bila kuyafikiri kwa sababu tumeyatamka tangu utotoni. Yeye anayajua kama mtu anavyojua kanuni ya hesabu. Anaweza kuitumia, lakini akipewa nafasi ya kuituliza mbele yake. Kwa muuza mahamri, na watu wamesimama nyuma yake, nafasi hiyo hana, kwa hiyo anatupa sarufi yote baharini na kubaki na "nataka" na "ngapi". Usiku mezani, mbele ya daftari na kamusi, nafasi anayo.

Na Mombasa inamzidishia ugumu. Kiswahili cha vitabuni kilijengwa juu ya Kiunguja, na uamuzi wenyewe ulipitishwa papa hapa mjini kwetu katika mkutano wa 1928. Kijana wako amesoma njia, macho na nchi. Anarudi Kibokoni, mzee wa nyumba anasema ndia, mato na nti. Vijana wa mtaani nao wanachanganya na Sheng, na dukani muuzaji akimwona tu anamgeukia kwa Kizungu. Kwa hiyo sikio lake halijapata msaada mkubwa kutoka kwa kile alichosoma, na mdomo hufuata sikio. Nimewafundisha wageni miaka mingi na nakwambia bila kusita kwamba mwanafunzi anayeandika vizuri kuliko anavyosema ndiye wa kawaida. Anayenishangaza ni yule anayesema kwa ufasaha na kuandika ovyo, na mara nyingi huyo huwa alilelewa na mtu wa pwani.

Basi pengo peke yake halishtaki mtu. Linalofaa kulinganishwa na maandishi ni maandishi mengine. Hukuniambia kama una daftari lake la darasani, au kama huwa anakuandikia kwenye Watsapu kwamba leo atachelewa. Tafuta vitu hivyo leo, hata kama ni vifupi. Angalia kama amewahi kujaribu "nilipo-" au "ambaye" kwa kalamu, sahihi au kwa makosa. Alichojaribu kina uzito kuliko alichopatia.

Sasa tuzisome sentensi zake, maana zinasema mengi. Nianze na ya mahamali, ambayo kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Umbo lenyewe ni la juu: "yaliyokuwa yakisukuma", kirejeshi ndani ya kitenzi, kisha kitenzi kisaidizi, kisha -ki- ya kuendelea. Lakini mahamali ni watu. Mswahili hata wa darasa la kwanza angesema "waliokuwa wakisukuma". Mtu aliyeandikiwa kazi na mwenyeji wa Kibokoni hawezi kuletewa "mahamali yaliyokuwa", na programu ya kutafsiri nayo ni nadra kuwapa watu upatanisho huo. Anayeweza kulifanya kosa hilo ni mtu aliyejenga sentensi kwa mkono kutoka kwenye jedwali.

Nadhani najua hata ni jedwali gani. Sisi Kenya tunazitaja ngeli kwa upatanisho wake: A-WA, KI-VI, LI-YA. Kwa mpangilio huo, hamali yumo A-WA na majogoo wamo A-WA, kwa kuwa kila chenye uhai kimo humo. Vitabu vingi vya Kiswahili vinavyotumiwa ng'ambo vinazihesabu ngeli kwa namba, kufuata viambishi vya nomino katika lugha za Kibantu, na nomino ya wingi yenye ma- huwekwa katika ngeli ya 6, ambayo upatanisho wake ni ya-. Kitabu hueleza pia kwamba watu na wanyama hupatanishwa na wa- hata wakianza na ma-, lakini mwanafunzi mwenye haraka hulisahau elezo hilo na kufuata namba. Vyuo vikuu vingi vya Marekani hufundisha Kiswahili, na anayetoka huko husema "nilisoma kidogo" hata akiwa amekaa darasani miaka miwili, kwa sababu ya adabu au kwa sababu ya aibu ya kutoweza kuongea. Hilo "kidogo" umuulize vizuri: alisoma wapi, muda gani, kwa kitabu gani, na walikuwa wakizungumza au wakifanya mazoezi ya kuandika.

Sentensi ya muuza viungo nayo inaelekeza upande huo huo, ingawa si kwa nguvu sawa. "Ningalijua… nisingalilipa" imekaa sawa pande zote mbili, na siku hizi mitaani watu wengi husema "ningejua, nisingelipa". Hiyo -ngali- inanuka kitabu. "Mabadiliko" mahali pa chenji ni neno lililochukuliwa kwenye kamusi bila kuchagua maana, kwa kuwa Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili. Hapo ningejizuia. Mtu mwenye kamusi hulifanya kosa hilo, na programu ya kutafsiri huweza kulifanya vilevile, hivyo neno hilo halimwokoi wala halimfungi.

Iliyobaki ni sentensi ya kwanza, na hapo nakubali kwamba kuna jambo. "Nilirauka alfajiri na mapema majogoo walipokuwa wakiwika kwa fujo" ni mwanzo wa insha ya shule ya msingi ya Kenya. Watoto wetu huihifadhi hiyo pamoja na nyingine za namna yake kabla hawajapewa hata kichwa cha insha. Sasa weka majogoo kando ya mahamali. Nomino zote mbili zina ma-, zote ni za viumbe hai, na umbo la kitenzi ni karibu moja. Majogoo wamepata "walipokuwa wakiwika", mahamali wamepata "yaliyokuwa yakisukuma". Inawezekana ni mkono mmoja uliokosea mara moja na kupatia mara moja, kwa kuwa wanafunzi hawakosei kwa mpangilio. Lakini kama kuna mtoto wa skuli katika nyumba hiyo ya Kibokoni, ningedhani ule mwanzo ameufundishwa mezani, na mengine ameandika mwenyewe. Hiyo ni dhana tu, na ndiyo maana inabidi uijaribu.

Namna ya kuijaribu ndiyo inayowashinda walimu wengi. Wanamwita mwanafunzi, wanamwambia "haya, nieleze ulichoandika", wanataka aeleze kwa Kiswahili, hapo hapo, kwa mdomo. Anababaika, na kubabaika kwake kunahesabiwa kuwa ushahidi. Lakini kubabaika tulikujua tangu mwanzo! Umempima kwa kile kile alichokosa, na aliyeandika mwenyewe na aliyeandikiwa wote wawili wataanguka sawasawa. Jaribio lisiloweza kuwatenganisha watu hao wawili halikupi habari yoyote.

Kwa hiyo mpime kwa kalamu, na maelezo mwachie ayatoe kwa Kiingereza.

Andaa karatasi kutoka kwenye kazi yake mwenyewe. Mbinu ya kuacha mapengo katika matini imo katika elimu ya lugha tangu 1953, ilipoelezwa na Mmarekani Wilson Taylor, na kuna waliokuja kuitumia kumpima mtu kwa maandishi yake mwenyewe, kwa kufuta kila neno la tano. Kwa Kiswahili ushauri wangu ni kufuta viambishi badala ya maneno mazima, kwa kuwa ndani ya kitenzi ndiko maamuzi ya mwandishi yanakokaa. Inakuwa hivi:

Njiani nili__ona mahamali __li__kuwa __kisukuma mikokoteni __li__jaa vitunguu.

…laiti ni____jua bei mapema, nisi____lipa mara mbili.

Fanya hivyo kwa sentensi sita au saba za ukurasa wake, zikiwemo zile za kawaida zisizokushangaza. Mpe bila kamusi na bila simu. Kisha chini yake ongeza sentensi mbili tatu ambazo hazimo katika kazi yake lakini zina mtego ule ule: "Madereva __nasubiri feri", "Mabaharia __lirudi jana".

Majibu yasome kwa makini kidogo. Akijaza mahamali kwa ya- zote, na madereva nao akawapa ya-, umepata jibu karibu kamili: kosa ni lake, analo kichwani, na aliyeleta kosa ndiye aliyeleta sentensi. Penye -ngali- akiandika -nge-, usimhesabie kushindwa, kwa kuwa sarufi inakubali na huenda amesahau tu alichagua lipi. Akiwapa mahamali wa-, usikimbilie kusema umemkamata, kwa sababu huenda kuna mtu wa nyumbani aliyekwisha kumrekebisha baada ya kazi kukufikia. Muulize amebadilisha kwa nini. La kutia shaka ni mapengo yaliyobaki matupu, au yaliyojazwa kwa kubahatisha, kwa mfano mikokoteni ikipewa ya- hapa na wa- pale, hasa katika sentensi zile zile ambazo kwenye kazi zilikaa sawa.

Wakati ni huu huu wa kuongea naye, baada ya mapengo. Swali la kwanza lisiwe na mashtaka ndani yake: "Niambie ulivyoiandika kazi hii tangu ulipokaa chini." Mwache aseme mpaka amalize. La pili: "Sehemu gani ilianza kwa Kiingereza?" Wengi huanza kwa lugha yao na si dhambi, na swali hilo linamfungulia njia ya kukwambia kama alitafsiri neno moja moja, sentensi, au ukurasa mzima. La tatu ni la sentensi ya majogoo: "Hii uliipata wapi?" Ukiuliza "uliipata wapi" kwa upole, mtu mwaminifu atajibu bila woga, kwa sababu hujamwambia kwamba kuipata mahali ni kosa. Na ukweli ni kwamba hukuwakataza. Kazi ilikuwa ya nyumbani, na katika barua yako sioni kwamba uliwaambia msaada gani unaruhusiwa. Mtu anayeishi na familia ya Kiswahili halafu asiwaulize chochote atakuwa mtu wa ajabu sana.

Mwombe pia akuonyeshe karatasi ya kwanza, ile yenye kufutwafutwa, kama anayo. Akisema aliandika kwenye simu akafuta, hilo halithibitishi lolote. Vijana wengi ndivyo wanavyofanya kazi. Mwombe aeleze kwa nini aliandika "yaliyokuwa". Akikujibu kwa Kiingereza kwamba nomino za ngeli ya 6 zinachukua ya-, umemsikia mwandishi mwenyewe akisema, ijapokuwa amekosea. Akishindwa kueleza, lisikuchukue mbali, kwani wapo wanaoandika kwa kuiga mifano waliyoisoma na hawana jina la wanachokifanya.

Siku inayofuata, mwandikishe mbele yako. Dakika 30, kamusi ya karatasi na daftari lake viruhusiwe, simu ikae kwako. Kichwa cha kazi kichague kwa hila njema: kiwe karibu na kile cha kwanza, na kiwalete wenyewe watu wenye ma-. Kivuko cha Likoni kinafaa sana, maana hawezi kukieleza bila madereva, mabaharia na pengine mahamali tena. Kitamlazimisha pia kutafuta "nilipofika", "tulipokuwa tukingoja" na "watu waliokuwa wamesimama".

Usitarajie ukurasa. Tarajia nusu yake au pungufu, na makosa zaidi, kwa sababu jioni nzima imekuwa dakika 30 na mwalimu amekaa mbele yake. Anayetafuta kiwango kile kile atamwonea. Unachotafuta ni mkono ule ule. Je, anajaribu kuunganisha sentensi mbili kwa kirejeshi, hata akikosea? Je, watu wa ma- wanapata ya-? Je, anachukua maneno ya kamusi bila kuchagua maana? Je, ana mazoea kama kuanza sentensi kwa "njiani" au "kisha"? Akikuandikia "Madereva yaliyokuwa yakisubiri yalipiga honi nyingi", basi mpe mkono na umshukuru, huyo ndiye aliyewaona mahamali wa Marikiti. Akikuandikia "Mimi nilienda feri. Watu wengi. Mimi nilipenda bahari", hakuna hata jaribio moja la kuunganisha, na mapengo nayo yalibaki matupu, na "laiti" hajui ni nini hata kwa Kiingereza, hapo vitu vitatu tofauti vimesema jambo moja. Kimoja peke yake kisingetosha.

Ikifika huko, bado usiandike sifuri ya udanganyifu. Mwambie ulichokiona, mwonyeshe karatasi mbili kando kwa kando, na umwambie kwamba alama itatoka kwenye ile aliyoiandika mbele yako. Huna haja ya kumfanya akiri. Alama inapima Kiswahili chake, na Kiswahili chake kiko kwenye karatasi hiyo.

Kuhusu programu ya kugundua maandishi ya mashine, mwambie mwenzako aiache. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu kadhaa za namna hiyo kwa insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, na zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine, hali ziliandikwa na binadamu. Sababu iliyotolewa ni kwamba anayejifunza lugha hutumia maneno machache na yanayotabirika. Ikiwa Kiingereza chenye maandishi tele kimewatia watu hatiani namna hiyo, mimi siwezi kumhukumu mwanafunzi wa Kiswahili kwa asilimia iliyotokea kwenye kioo. Mwenzako akiwa na shaka, mwalike akae nawe usahihishe mapengo. Hiyo ni saa moja tu ya kazi.

Tuchukue kwamba imetokea kama ninavyodhani: madereva wamepata ya-, na majogoo walitoka kwa mtoto wa nyumbani. Sentensi ya majogoo usiihesabu, wala usimkate kwayo. Mwombe aweke mwanzo wake mwenyewe, hata ukiwa "Niliamka mapema." Kosa la mahamali lihesabu mara moja, si mara tatu, kwa sababu ni kosa moja la kanuni lililojitokeza katika vitenzi. Sentensi zilizobaki zipe haki yake kamili, bila kupunguza kwa sababu haongei. Kuongea kuna alama zake mahali pengine. Ukimtoa alama za kuandika kwa udhaifu wa mdomo, umemwadhibu mara mbili kwa jambo moja.

Na hapo ndipo ripoti yako inaponihangaisha kuliko alama ya kazi moja, kwa sababu ofisi itaifanyia uamuzi. Ukiandika kiwango kimoja tu umekosea vyovyote vile. Ukifuata maandishi, watampeleka kijijini Kwale kuendesha mkutano na atabaki amesimama. Ukifuata mazungumzo, hawatamruhusu kuandika hata barua anayoiweza. Mizani ya viwango vya lugha iliyochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ile ya A1 mpaka C2, hupima kusikiliza, kusoma, kuzungumza na kuandika kila kimoja kwa mstari wake, na inakubali kabisa kwamba mtu mmoja awe na viwango tofauti. Fuata utaratibu huo. Na kila mstari utaje hali aliyopimwa, kwa maneno ya kawaida: "Kuandika, akiwa na kamusi na muda wa kutosha: B1. Kuandika kwa dakika 30 darasani: A2. Kuzungumza ana kwa ana: A1." Herufi hizo ni mfano, utaziweka baada ya kuona karatasi zake.

Kwa kazi zijazo waombe wanafunzi wote, si yeye peke yake, waandike mistari miwili chini ya ukurasa: nani alinisaidia, na wapi nilitumia kamusi au simu. Waambie mapema kwamba msaada hauwapunguzii alama, ila usiotajwa ndio utakaoleta maswali. Huyu kijana mwongezee jambo moja. Kila anapoleta kazi, mchagulie sentensi tatu alizoziandika vizuri, azisome kwa sauti, afunge daftari, azirudie kwa kusema, kisha abadilishe mtu au kitu ndani yake: mikokoteni iwe magari, mahamali wawe wanafunzi. Sarufi anayo tayari mkononi, na mazoezi ya dakika 10 kila kipindi ndiyo yatakayoileta mdomoni.

Ukishamaliza karatasi ya mapengo na ile ya feri, niandikie uniambie madereva walipata nini. Ningependa kujua, na wasomaji wengine wanaofundisha wageni huko Malindi na Lamu nao wangependa.